Ukaguzi wa ndani wa ISO 9001: uende kwa vifungu, kwa mchakato au ufuate mzigo?

Umepewa kazi ya kuandaa ukaguzi wa ndani wa mfumo wa ubora, mkaguzi wa nje anakuja baada ya miezi kadhaa, na kwenye kompyuta una chekilisti ndefu uliyorithi kwa aliyekuwepo kabla yako, maswali mengi yanaanza na "je, kuna utaratibu wa…" na majibu yake ni ndiyo au hapana. Halafu rafiki yako wa kiwanda kingine anakwambia wao waliachana na hayo makaratasi, wanakagua mchakato mzima kwa mzima. Mwingine anakwambia chukua bidhaa moja tu dukani uifuate mpaka ilikotoka. Sasa ipi?

Tuanze na kile standadi inachosema, maana hapa watu wengi wanajibebesha mzigo ambao haupo. ISO 9001:2015 kifungu 9.2 kinataka ukaguzi wa ndani ufanyike kwa vipindi mlivyopanga wenyewe, uangalie kama mfumo unafuata matakwa yenu na ya standadi, na kama unatekelezwa kweli na kutunzwa. Hakisemi lazima chekilisti. Hakisemi mara moja kwa mwaka. Hakisemi hata ukague kifungu kwa kifungu. ISO 19011:2018, ambayo ni mwongozo wa ukaguzi na sio masharti, inakubali chekilisti lakini inatahadharisha zisikufunge ukashindwa kufuata jambo jipya lililojitokeza mbele yako. Kwahiyo njia zote tatu ni halali, tofauti ni utavuna nini.

Tutazipima kwa nini

Nitatumia vigezo vinne kwa kila njia. Kwanza muda na watu, maana kampuni nyingi huku kwetu mkaguzi wa ndani ana kazi yake nyingine ya kila siku. Pili, inakamata nini na inapitwa na nini. Tatu, hoja inayotoka humo ina nguvu kiasi gani, yaani mwenye idara akiisoma ataielewa na hawezi kuikwepa, au atasema "hiyo si ishu". Na nne, ambayo watu wanaisahau kabisa wakati wa kuchagua: ukirudi baadaye kuhakiki kama marekebisho yamefanya kazi utakuwa na kitu cha kushika mkononi, au utaishia kuangalia karatasi jipya lenye tarehe mpya.

Ili tusiongee hewani, njia zote tatu nitazipitisha kwenye kisa kimoja cha mfano. Kiwanda cha unga wa sembe, mashine ya kufungasha pakiti za kilo 2, na mizani yake. Kila asubuhi kabla ya shifti opereta anaweka jiwe la mizani la gramu 2000, anasoma, anaandika kwenye fomu, anasaini. Utaratibu wao unaruhusu isome kati ya 1995 na 2005. Fomu ya wiki moja inasomeka hivi: Jumatatu 2001, Jumanne 2000, Jumatano 2014, na pembeni kwa peni nyingine "imerekebishwa 1:20 asb", Alhamisi 2000, Ijumaa 2001. Sahihi zote zipo. Hiyo namba ya Jumatano iko wazi kabisa, haijafichwa, na bado kuna wakaguzi wataipita.

Njia ya kwanza: kwenda kwa vifungu

Hii ndo ya chekilisti ya kawaida, unaanza kifungu cha 4 muktadha wa taasisi, unashuka uongozi, mipango, rasilimali, uendeshaji, tathmini, mpaka cha 10 maboresho.

Kwa *muda na watu* hii ni rahisi kuliko zote kwenye kupanga. Kampuni ya wastani mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa siku mbili tatu, na mkaguzi mgeni aliyetoka mafunzo juzi anaweza kuifanya bila kupotea kwasababu karatasi lenyewe linamwongoza.

*Inakamata nini:* vitu vinavyotakiwa kuwepo na havipo. Hakuna malengo ya ubora yanayopimika, kikao cha mapitio cha menejimenti hakijafanyika, hakuna rekodi za umahiri wa watu wapya, wauzaji malighafi hawajatathminiwa. Kuna vitu havikai kwenye mchakato wowote wa uzalishaji, na usipoenda kwa vifungu hutavikuta. Mfano mzuri ni ile nyongeza ya Februari 2024 kwenye vifungu 4.1 na 4.2, inayotaka muangalie kama mabadiliko ya tabianchi ni jambo linalowahusu. Hilo huwezi kulikuta ukisimama kwenye mashine ya kufungasha hata ukikaa wiki.

Sasa ipitishe kwenye mizani yetu. Kifungu 7.1.5, swali: "Je, vifaa vya kupimia vimehakikiwa?" Cheti cha ugezi kipo. Stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu ipo na haijaisha. Fomu ya kila siku ipo na imejazwa kila siku, hakuna kiboksi kitupu. Tiki, tiki, tiki, tunaendelea. Ile 2014 jicho limeiona, ila swali halikuuliza kuhusu namba, liliuliza kuhusu kuwepo kwa fomu. Mkaguzi anatafuta sehemu tupu, na pale hapakuwa patupu.

*Hoja zake* kwahiyo zinakuwa za aina ya "fomu namba fulani haina sahihi ya supavaiza tarehe fulani." Ni kweli, na inataja kifungu vizuri, lakini mkuu wa uzalishaji akiisoma anaona umekuja kumhesabia sahihi. Na mimi kwa kweli huwa namuelewa. Ripoti yenye hoja kumi na zote ni za sahihi na tarehe inaniambia zaidi kuhusu mkaguzi kuliko kuhusu kiwanda.

*Kuhakiki marekebisho* ni rahisi mno, na hapo ndo pana mtego. Hoja ilikuwa karatasi halipo, sasa lipo, funga. Mwaka kesho unalikuta tena halipo.

*Inamfaa nani?* Kampuni inayojenga mfumo kwa mara ya kwanza, inayotaka kujua kama kuna kifungu kizima kimesahaulika. Na wakaguzi wachanga, ila wabadilishiwe maswali. Badala ya "je, mizani imehakikiwa", andika "nionyeshe siku ya mwisho mizani iliposoma nje ya kikomo, na mlifanya nini". Hilo swali haliwezi kujibiwa ndiyo. Akisema haijawahi kutoka nje ya kikomo, fungua fomu mwenyewe urudi nyuma miezi mitatu. Chekilisti ya maswali kumi na tano ya namna hii inazidi ile ya mia mbili ya ndiyo na hapana.

Njia ya pili: kukagua mchakato

Hapa unaacha namba za vifungu, unachukua mchakato mmoja, tuseme kufungasha, unauliza: kinaingia nini, kinatoka nini, nani anafanya na amejifunza wapi, anatumia vifaa gani, anajuaje kimeenda vizuri, kikienda vibaya anafanyaje. Vifungu unavipanga baadaye ukiwa unaandika ripoti.

*Muda na watu:* nusu siku kwa mchakato mmoja ni kiasi kizuri, kwahiyo kampuni yenye michakato minane utahitaji kusambaza mwaka mzima, robo hii miwili, robo ijayo miwili. Unahitaji pia mkaguzi anayejua kuongea na watu na kunyamaza. Hii ya kunyamaza ni ngumu kuliko inavyosikika, wakaguzi wengi wakiuliza swali wanalijibu wenyewe.

*Inakamata nini:* viungo kati ya idara, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine haijaanza. Kwenye mizani yetu unafika asubuhi shifti inapoanza, unasimama pembeni, unamuangalia opereta anaweka jiwe, anasoma, anaandika. Safi. Halafu unamuuliza taratibu, "kaka, ikisoma 2014 hapa unafanyaje?" Anajibu bila wasiwasi, "namwita fundi, anairekebisha, tunaendelea." "Na zile pakiti za jana?" Anakuangalia. "Za jana si zishaenda stoo."

Umeshaipata. Huyu opereta hajakosea, anafanya kama alivyofundishwa. Ukienda kwa matengenezo wanakwambia kazi yao ni mashine, ukienda kwa ubora wanakwambia hawajawahi kuambiwa mizani ilitoka nje. Hakuna mtu mzembe hapo, kuna kazi isiyo na mwenyewe.

Inachokosa ni kwamba unaona siku uliyopo tu, na watu mbele ya mkaguzi wanafanya kazi kwa adabu. Shifti ya usiku huioni. Na unachosikia ni maelezo ya mtu, yanaweza kuwa kweli au yakawa yale anayodhani unataka kuyasikia.

*Hoja yake* ina nguvu kwenye kueleza tatizo liko wapi, ila ni dhaifu kama umeijenga juu ya kauli ya mtu mmoja. Kamwe usiandike "opereta alisema". Kauli yake ikupeleke kwenye rekodi, utoe fomu, uikute hiyo Jumatano, halafu hoja isimame kwenye fomu. Zaidi ya hapo, ukiandika opereta kasema, mwakani hakuna opereta atakayekuambia kitu.

*Kuhakiki marekebisho:* unarudi kuangalia watu wakifanya, sio karatasi. Ni bora zaidi ya njia ya kwanza, japo inahitaji urudi kwa muda tofauti na ule wa mwanzo, na ikiwezekana shifti tofauti.

*Inamfaa nani?* Kampuni ambayo cheti inacho tayari, makaratasi yametulia, ila matatizo yaleyale yanajirudia na idara zinatupiana mpira. Pia nzuri sana pale mlipobadilisha kitu, mashine mpya, stoo imehamishwa, mfumo wa oda umeingia kwenye kompyuta.

Njia ya tatu: kufuata mzigo

Unachukua bidhaa iliyokwishatoka, unaifuata kinyumenyume mpaka malighafi, halafu mbele mpaka kwa mteja. Hii nitakaa nayo zaidi kwasababu ndo inatumika kidogo kuliko inavyostahili.

*Muda na watu:* siku moja kwa bachi moja hadi tatu. Mkaguzi mmoja anatosha lakini awe mtu asiyechoka kufungua mafaili. Sharti moja tu: bachi achague mkaguzi mwenyewe, asichaguliwe. Mwambie mtu wa idara "nipe bachi yoyote" na utapewa ile ambayo faili lake limekamilika. Mimi napenda kuichukua kwenye malalamiko ya wateja, na kama hakuna malalamiko basi kwenye rafu ya duka la jirani, unanunua pakiti, unasoma namba ya bachi, unaingia nayo kiwandani.

*Inakamata nini:* kilichotokea kweli, hata kama hakuna mtu anayekikumbuka. Tuseme pakiti uliyonunua ilifungwa Jumanne ile. Unatafuta mizani iliyotumika, unafungua fomu, Jumanne asubuhi 2000, vizuri. Lakini ili ujue Jumanne yote ilikuwa salama inabidi uangalie kipimo kilichofuata, na kilichofuata ni Jumatano asubuhi, 2014. Maana yake kati ya asubuhi hizo mbili mizani ilihama, na hakuna anayejua saa ngapi. Pakiti zote za Jumanne zina mashaka.

Hapa tulia uangalie upande wa kosa, maana watu huwa wanaligeuza. Jiwe ni gramu 2000 kamili na mizani inasema 2014, yaani inazidisha. Mashine ikijaza mpaka mizani iseme 2000, ndani kuna takriban gramu 1986. Aliyepunjwa ni mteja. Ingekuwa imesoma 1986 kwa jiwe lilelile ingekuwa kinyume, kiwanda ndo kinagawa unga bure.

Rekodi za uzalishaji zinasema Jumanne zilifungwa pakiti 3,000. Kama mizani ilihama mwanzo wa siku, ni gramu 14 mara 3,000, kilo 42 ambazo wateja wamelipia hawajapata, huo ndo ukingo wa juu kabisa. Unaenda mbele: fomu za kupakia zinaonyesha 1,800 zilitoka jioni ileile kwa wasambazaji, 1,200 zilibaki stoo na zikatoka siku zilizofuata kama kawaida. Hakuna aliyezizuia, hakuna aliyezipima upya. Na kifungu 7.1.5.2 kwenye aya yake ya mwisho kinasema wazi, kifaa kikikutwa hakifai, amua kama vipimo vya nyuma vimeathirika, na chukua hatua inayostahili. Hiyo aya ndo inapitwa kuliko zote kwenye kifungu hicho, kwasababu kila mtu akishaona cheti cha ugezi anafunga ukurasa.

Inachokosa njia hii ni chochote kisichogusa bidhaa. Malengo ya ubora, kikao cha menejimenti, mawasiliano ya ndani, ukifuata pakiti ya unga hutayakuta. Na sampuli ni ndogo, bachi mbili safi hazikuhakikishii mwaka mzima ni msafi.

*Hoja yake* ndo ina nguvu kuliko zote, na inaandikika hivi, sehemu tatu tu:

Takwa: ISO 9001:2015 kifungu 7.1.5.2, kifaa cha kupimia kikikutwa hakifai, kampuni iamue kama matokeo ya nyuma yameathirika na ichukue hatua inayostahili.

Ushahidi: fomu ya mizani, mashine ya kufungasha kilo 2, Jumatano, usomaji 2014 kwa jiwe la 2000, kikomo cha utaratibu 1995 hadi 2005. Mizani ilirekebishwa saa 1:20 asubuhi. Pakiti 3,000 zilifungwa Jumanne baada ya kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa, 1,800 zilitoka siku hiyohiyo.

Upungufu: hakuna rekodi kwamba pakiti za Jumanne ziliangaliwa, zilizuiwa au ziliamuliwa chochote baada ya mizani kukutwa nje ya kikomo.

Angalia hakuna jina la mtu, hakuna neno "uzembe", hakuna ushauri wa nini kifanyike. Mwenye idara hawezi kubishana na fomu yake mwenyewe. Na mtu asiyekuwepo siku ile akisoma ataelewa, hicho ndo kipimo changu cha hoja iliyoandikwa vizuri. Ukitaka kuipa daraja, kubwa au ndogo, amueni wenyewe, ISO 9001 haina hayo madaraja, yanatoka kwa watoa vyeti. Mimi ningeita hii kubwa kwasababu bidhaa imefika kwa mteja.

*Kuhakiki marekebisho:* hapa ndo njia hii inalipa, ila pia ndo ngumu, kwahiyo tuifuate hoja yetu mpaka mwisho.

Jibu la kwanza litakalokuja kutoka idarani ni "mizani imerekebishwa na opereta ameonywa". Lirudishe. Kurekebisha mizani ni kuzima tatizo la siku ile, na hata hilo halijakamilika maana pakiti hazijaguswa. Marekebisho ya papo hapo yaliyotakiwa ni kuzuia zilizobaki stoo, kupima sampuli kwa mizani nyingine iliyo sahihi, na kwa zile zilizotoka kupima baadhi kwa wasambazaji halafu kuamua kwa maandishi, zirudishwe au hapana na kwanini. Kama zimeshauzwa zote, uamuzi bado unaandikwa.

Baada ya hapo chanzo. "Opereta alisahau" sio chanzo, na kwenye kisa hiki hata hakusahau. Kwanini pakiti hazikuzuiwa? Kwasababu ubora hawakuambiwa. Kwanini? Utaratibu unasema rekebisha, endelea. Kwanini unasema hivyo? Uliandikwa na matengenezo peke yao, wao wanaiona mizani, pakiti sio zao. Na fomu? Ina tarehe, usomaji, sahihi, haina kikomo wala sehemu ya kuandika kilichofanyika, ndo maana yule fundi aliandika pembeni kwa peni. Hapo umefika, na standadi kwenye 10.2.1 inakutaka pia uangalie kama upungufu kama huo upo kwingine, na bila shaka mizani ya kilo 5 na ya viroba vya kilo 25 zinatumia fomu ileile.

Hatua ya kurekebisha basi ni fomu mpya yenye kikomo kilichochapishwa na sehemu ya hatua, utaratibu unaosema simama, mwite mtu wa ubora, zuia kila kilichofungwa tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa, na kupima kila saa mbili badala ya mara moja kwa siku. Hiyo ya mwisho ni hesabu tu, kwa shifti ya saa nane yenye pakiti 3,000, kupima kila saa mbili kunashusha zenye mashaka mpaka kama 750. Hutazuia mizani isihame, unapunguza hasara ikihama.

Sasa unahakikije? Kuna ngazi mbili na fomu yenu ya hoja iwe na sahihi mbili tofauti kwa tarehe tofauti. Ya kwanza, imetekelezwa: utaratibu mpya upo, fomu zipo kwenye mashine zote, watu wamefundishwa. Hii unaweza kuisaini wiki ya pili. Ya pili, imefanya kazi, na hii hairuhusiwi kusainiwa siku moja na ya kwanza. Shida inakuja hapa: tuseme miezi mitatu imepita na mizani haijatoka nje ya kikomo hata mara moja. Fomu zote 2000, 2001, 1999. Hatua imefanya kazi? Hujui, haijawahi kujaribiwa.

Dawa yake ni jaribio la kushtukiza. Kabla mashine haijaanza, kwa kukubaliana na supavaiza tu, bandika jiwe dogo la gramu 20 chini ya jiwe la kilo 2. Opereta ataliweka, atasoma 2020 hivi. Nyamaza uangalie. Akisimamisha, akamwita mtu wa ubora, na mtu wa ubora akaenda kutafuta pakiti za tangu kipimo cha mwisho, umepata ushahidi wako, andika. Akibonyeza kitufe cha sifuri, akaweka tena, kisha akaandika 2000 na kuendelea, umepata hoja mpya, na ya maana kuliko ya kwanza, kwasababu hiyo njia ya mkato huenda inatumika kila siku na fomu zako zote nzuri hazina maana. Ukimaliza ondoa jiwe dogo, rudia kipimo mbele yao wote, andika kwenye fomu kwamba lilikuwa jaribio, usiache 2020 inaning'inia hapo ikamchanganya mkaguzi wa mwakani. Fanya shifti ya usiku pia.

*Inamfaa nani?* Viwanda na maabara, na yeyote mwenye malalamiko yasiyoeleweka yanatokea wapi. Kwa kampuni ya huduma inawezekana pia, mzigo unakuwa faili la mteja mmoja au oda moja tangu ilipopokelewa.

Nani akague

Hili linagusa njia zote. Toleo la 2008 lilisema moja kwa moja mkaguzi asikague kazi yake mwenyewe. La 2015 linataka wakaguzi wachaguliwe kwa namna itakayolinda ukweli na kutopendelea, bila kurudia ile sentensi. Kuna watu wameichukua kama ruhusa, meneja wa ubora anakagua mpaka idara yake. Usijaribu. Kwenye njia ya vifungu utavumilika kidogo, kwenye kufuata mzigo utaumbuka, maana njia yoyote ya bachi inapita mezani kwa mtu wa ubora. Kampuni ndogo badilishaneni: mhasibu akague ubora, ubora akague manunuzi. Mhasibu ni mkaguzi mzuri wa kufuata mzigo kuliko unavyodhani, amezoea kulinganisha karatasi mbili zinazotakiwa kufanana.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama hamna cheti bado na mkaguzi wa nje anakuja, nenda kwa vifungu vyote kwanza, kisha kama una siku ya ziada fuata bachi moja. Vifungu vitakuambia kilichosahaulika kabisa, bachi itakuambia kama mlichoandika ndo mnachofanya.

Kama cheti mnacho mwaka wa pili au wa tatu, sambaza michakato kwenye robo za mwaka, yenye matatizo mengi ikaguliwe mara nyingi zaidi, na vile vifungu visivyo na mchakato, cha 4, cha 5, 9.3, vifanyie kikao kimoja na menejimenti kwa chekilisti fupi.

Kama kuna malalamiko ya wateja au bidhaa inarudi, acha ratiba, fuata mzigo huo huo uliorudi. Hapo ratiba ya mwaka isikufunge, ukaguzi wa nyongeza unaruhusiwa, andika tu sababu.

Kama mko watu sita au saba na mkaguzi ni mmoja, njia ya mchakato itawasumbua kwasababu kila mtu yupo kwenye kila mchakato. Tumieni vifungu kwa maswali ya "nionyeshe", nusu siku nusu siku, na bachi au faili mbili kwa mwaka.

Na kama tatizo lenu ni hoja zinazofungwa na kurudi, usibadilishe njia ya kukagua kwanza. Chukua hoja tano zilizofungwa mwaka jana, nenda sehemu husika bila taarifa, uone ngapi bado zimesimama. Zikiwa zimeanguka tatu, muda wako wa mwaka huu peleka kwenye kuhakiki, na ukaguzi mpya upunguze.